Kugonga, vidole viwili na kufuli la kuburuta: kupanga padi ya mguso isiyochosha mkono

"Fundi, natumia laptopu yenye GNOME. Nabonyeza padi kutwa nzima na ikifika jioni kidole gumba kinauma. Nikiburuta faili kulipeleka folda nyingine, kidole kinafika ukingoni mwa padi na faili linaangukia pasipo pake. Nikitaka kubofya kulia kwa vidole viwili, mara menyu inakuja, mara faili lenyewe linafunguka. Nipange vipi mkono upumzike?"

Ndugu yangu, kabla ya seting yoyote tutenganishe maneno mawili, maana shida zako zote tatu zimejificha humo. Kugonga ni kidole kugusa uso wa padi na kuondoka mara moja, bila nguvu na bila mlio. Kubonyeza ni kuisukuma padi mpaka ishuke na kulia "tik". Yote mawili huishia kuwa kubofya machoni pa kompyuta, lakini kwa mkono wako ni kazi mbili tofauti kabisa. Padi nyingi za laptopu zimeshikiliwa upande wa juu kama ubao wenye bawaba, na swichi iko upande wa chini. Ukibonyeza karibu na ukingo wa chini inashuka kwa urahisi; kadiri unavyopanda juu inakuwa ngumu, mpaka sehemu ya juu kabisa inakataa kushuka. Ndiyo maana watu hukiweka kidole gumba kule chini kifanye kazi ya kubonyeza, huku kidole cha shahada kikisogeza mshale. Kubonyeza mara moja hakudhuru kitu. Kinachochosha ni kuburuta, kwa sababu gumba linabaki limekandamiza swichi muda wote wa safari huku mkono unasogea. Msuli unakaza na haupati nafasi ya kulegea.

Kwa hiyo lengo letu ni moja: kuondoa kubonyeza kwenye kazi ya kila siku, hasa kwenye kuburuta. Fungua terminali uandike haya:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click true
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-and-drag true
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-and-drag-lock true
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad click-method 'fingers'
```

Mabadiliko yanashika hapo hapo, huhitaji kuzima na kuwasha. Mstari wa kwanza ungeweza kuupata pia kwenye dirisha la mipangilio, palipoandikwa Tap to Click. Ule wa tatu, wa kufuli la kuburuta, ndio unaotuleta kwenye terminali. Wengi hawajawahi kuusikia kwa sababu hiyo, na mimi nauona kuwa ndio wenye faida kubwa kuliko yote minne kwa mtu mwenye maumivu kama yako.

Nianze na menyu inayokuja na kutokuja, kwani ni rahisi zaidi.

Programu inayosoma vidole vyako chini ya GNOME inaitwa libinput. Kidole kimoja kikigonga inahesabu kubofya kushoto, viwili kubofya kulia, vitatu kitufe cha kati. Ili ikubali kwamba umegonga, inataka mambo mawili: vidole viwe vimeondoka ndani ya milisekunde 180 hivi tangu viguse, na visiwe vimeteleza zaidi ya milimita 1.3. Ukivikalisha muda mrefu kuliko hapo, inaona umepumzisha vidole tu na hakuna kinachotokea. Ukiviteleza, inaona unasogeza ukurasa. Namba hizi zimeandikwa ndani ya programu yenyewe na hazina seting ya kuzibadilisha, kwa hiyo kinachorekebishwa hapa ni mkono.

Sasa, kwa nini faili lifunguke badala ya menyu? Kwa sababu vidole vyako havishuki pamoja. Cha shahada kinatangulia, kinagusa na kuinuka, ndipo cha kati kinapofuata. Padi haijaona vidole viwili. Imeona kidole kimoja kikigonga mara mbili upesi upesi. Huko ni kubofya mara mbili, na faili likibofywa mara mbili hufunguka. Ilitakiwa kuwe na kitambo, hata kifupi sana, ambapo vidole vyote viwili viko juu ya padi kwa wakati mmoja. Wanaoshindwa ni wale wanaopigapiga vidole kimoja kimoja kama anayegonga ngoma. Wanaofaulu ni wale wanaoviweka vyote kama anayebandika stempu. Vitenganishe kidogo, vikunje visawazike ncha, kisha vishushe na kuviinua kwa pamoja ukitumia kiganja, si kila kidole kwa msuli wake.

Usikisie kama umefaulu. Kuna chombo kinachokuonyesha padi imesikia nini. Kwenye Debian na Ubuntu kimo katika kifurushi cha `libinput-tools`, kwenye Fedora ni `libinput-utils`. Kiendeshe hivi:

```
sudo libinput debug-events --enable-tap
```

Gonga kwa vidole viwili mara kumi, na kila mara usome mstari wenye POINTER_BUTTON. Ukiona BTN_RIGHT, umepata. Ukiona BTN_LEFT yenye neno pressed mara mbili mfululizo, vidole vilifuatana. Usipoona kitufe chochote, ulikawia au uliteleza. Ukimaliza bonyeza Ctrl na C kukifunga. Neno moja la tahadhari: chombo hiki hakisomi mipangilio ya GNOME, kina mipangilio yake. Ndiyo maana nimeandika `--enable-tap` pale mwishoni. Wapo wanaokiendesha bila neno hilo, wanagonga wee, hawaoni kitu, wanahitimisha kwamba padi ni mbovu, kumbe kugonga hakujawashwa ndani ya chombo chenyewe.

Na ule mstari wa nne wenye `click-method`? Huo hauhusu kugonga hata kidogo. Unahusu kubonyeza. Ukiwa 'fingers', kubonyeza kwa vidole viwili mahali popote ni kubofya kulia; ukiwa 'areas', kinachoamua ni pembe ya chini kulia uliyobonyeza, hata kwa kidole kimoja. Nimekuwekea 'fingers' kwa sababu moja: siku mkono ukishindwa kugonga, unaweza kubonyeza kwa vidole vile vile viwili ukapata menyu ile ile. Mkono unajifunza jambo moja tu. Kwenye dirisha la mipangilio utaliona chaguo hilo kama Two Finger Push. Ukilibadilisha huku ukidhani unarekebisha kugonga, utahangaika mchana kutwa bila kuona tofauti.

Jambo jingine dogo: gumba lako lililozoea kulala chini ya padi. libinput hujaribu kulitambua na kulipuuza, lakini si kila padi inatoa taarifa za kutosha kulitofautisha. Likihesabiwa, kugonga kwako kwa kidole kimoja kunaweza kuvurugika. Ukiona hivyo, ning'iniza gumba nje ya padi kwa siku chache. Kwa kuwa halibonyezi tena, halina sababu ya kuwepo pale.

Sasa tuje kwenye kuburuta, ambako ndiko kwenye maumivu.

Kuburuta bila kubonyeza huenda hivi. Unaweka mshale juu ya faili. Unagonga mara moja, na papo hapo unashusha kidole tena, lakini safari hii hukiinui: unakisogeza. Gonga, shuka, sogea. Faili linafuata. Muda kati ya kugonga na kushusha tena ni mfupi, kiasi cha milisekunde 180 vile vile, kwa hiyo kufanywe kwa mwendo mmoja kama moyo unavyodunda mara mbili. Ukichelewa, mshale unasogea peke yake na faili linabaki.

Hapo gumba limeshapumzika. Lakini bado kuna ule ukingo. Padi ina mwisho wake, na bila kufuli, kuinua kidole ndiko kuachia. Basi ukifika ukingoni huna pa kwenda: ukiinua, faili linaanguka palipo na mshale, na kama palikuwa na folda nyingine, limeshaingia humo.

Kufuli la kuburuta linatenganisha kuinua na kuachia. Ukiinua kidole, libinput haiachii kitufe mara moja. Inaendelea kukishikilia, ikikupa nafasi ya kurudisha kidole katikati ya padi na kuendelea na safari. Ni kama kuvuta kamba ya ndoo kisimani: mkono unaachia na kushika juu zaidi, lakini ndoo haianguki.

Swali ni je, inashikilia kwa muda gani? Hapa kuna namna mbili, na lazima ujue uliyo nayo kabla hujagusa mafaili ya maana. Katika namna ya zamani, inasubiri milisekunde 300 tu, chini ya theluthi ya sekunde. Usiporudisha kidole ndani ya muda huo, inaachia yenyewe. Katika namna mpya, iliyo kwenye matoleo ya karibuni ya libinput, haiachii kabisa mpaka uiambie kwa kugonga mara moja. Kujua yako ni ipi ni kazi ya nusu dakika. Fungua dirisha lolote, lishike kwenye upau wake wa juu kwa gonga-shuka-sogea, lisogeze kidogo, halafu inua kidole. Hesabu moja, mbili, tatu polepole. Sasa sogeza kidole kwenye padi. Dirisha likifuata mshale, una namna mpya. Mshale ukienda peke yake, una ya zamani.

Nimependekeza dirisha na si faili kwa makusudi. Dirisha likienda vibaya halipotezi kitu.

Kwa aliye na namna ya zamani, kosa kubwa halitokei ukingoni kama wengi wanavyodhani. Linatokea mwisho wa safari. Umefikisha faili kwenye folda unayoitaka, unainua kidole, unaona kazi imekwisha, na kwa mazoea unarudisha kidole haraka kwenda kufanya jambo jingine. Lakini umerudi ndani ya zile milisekunde 300. Kwa libinput wewe bado uko safarini, kufuli halijafunguka. Mshale unaondoka na faili, linatoka juu ya folda yake na kwenda kuangukia kwingine. Mtumiaji anasema, "Faili limeruka." Halikuruka. Lilibebwa.

Dawa ni ile ile kwa namna zote mbili, na ndiyo ninayokuomba uifanye iwe tabia: kila unapomaliza kuburuta, gonga mara moja. Kugonga huko hakuhesabiwi kuwa kubofya kwa kawaida. Ni amri ya kuachia, na inatekelezwa hapo hapo bila kusubiri muda wowote. Kwenye namna mpya huna njia nyingine isipokuwa hiyo. Kwenye ya zamani si lazima, lakini inakuokoa na kosa nililolieleza. Kwa hiyo safari nzima inasomeka hivi: gonga, shuka, sogea, inua, rudi, sogea, mara nyingi upendavyo, gonga.

Tuchukue kazi yako yenyewe. Una madirisha mawili ya mafaili, moja kushoto mwa skrini na jingine kulia, na faili liko kushoto kabisa. Peleka mshale juu ya faili. Gonga na ushuke, usogee kulia mpaka kidole kikaribie ukingo wa padi. Usiusubiri ukingo wenyewe. Inua kidole kikiwa bado na nafasi ya upana wa ukucha, kwa sababu kidole kinachojikwaa ukingoni huchelewa kuinuka. Kirudishe upande wa kushoto wa padi kwa mwendo ule ule ambao hutumia kusogeza mshale siku zote, bila kukimbia. Milisekunde 300 zinatosha kwa mkono uliotulia. Endelea mpaka folda unayoitaka igeuke rangi kuonyesha kwamba iko tayari kupokea. Sasa inua, na gonga mara moja papo hapo. Faili limeingia. Ukiona folda nyingine imegeuka rangi badala ya ile, usiachie: bonyeza Esc kwenye kibodi, na kwa kawaida safari inafutwa na faili linabaki lilipokuwa.

Ukihesabu, utaona ulirudisha kidole mara moja au mbili. Kama unalazimika kurudi mara nne au tano kuvuka skrini moja, tatizo si kufuli, ni kasi ya mshale. Iongeze kidogo kidogo. Kipimo chake kinaanzia -1 hadi 1, na 0 ndiyo kawaida:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad speed 0.3
```

Usiruke hadi 1. Kasi ikizidi, unapata safari fupi lakini unapoteza uwezo wa kusimama juu ya kitu kidogo, na mkono unaanza kukaza tena kwa sababu ya kujizuia. Mimi hupima hivi: mtelezo mmoja wa haraka unatakiwa uvushe mshale skrini karibu nzima, na msogeo mdogo wa polepole uweze kusimama kati ya herufi mbili kwenye maandishi. Vyote viwili vikiwezekana, acha hapo.

Namna mpya ina hatari yake ya pekee, nayo ni kusahau kugonga mwishoni. Iliwahi kunipata: niliburuta folda ya kazi ya wiki nzima, nikaitwa mlangoni kabla ya kugonga, niliporudi nikasogeza mshale na kugonga kitu kingine kabisa. Kule kugonga kukawa ndiko kuachia, na folda ikaingia ndani ya folda jirani. Nilihangaika kuitafuta nikidhani imefutika. Dalili za kufuli lililosahaulika ni mbili na ni rahisi kuziona ukizijua. Ya kwanza, maandishi yanajipaka rangi kila mshale unapopita, au picha ya faili inafuata mshale kama kivuli. Ya pili, mguso wako wa kwanza unaonekana kumezwa: umegonga kitufe na hakikuitikia, ukigonga tena kinaitikia. Ule wa kwanza ulitumika kufungua kufuli. Ukiziona, usigonge mahali ulipo bila kutazama. Bonyeza Esc kwanza, kisha peleka mshale sehemu tupu ndipo ugonge.

Kuna gharama moja ya kugonga-na-kuburuta ambayo ni haki uijue. Ukigonga, libinput inabidi ingoje kidogo ione kama utashusha kidole tena kuanza kuburuta. Kwa hiyo kitufe kinabonyezwa mara moja, lakini kuachiwa kwake kunacheleweshwa mpaka muda ule upite. Programu nyingi huitikia kitufe kinapoachiwa, si kinapobonyezwa, na ndiyo sababu baadhi ya watu huhisi kugonga kuna uzito kidogo kulinganisha na kubonyeza. Wakati wa kazi ambayo haina kuburuta kabisa, mathalani kusoma tu, unaweza kuzima `tap-and-drag` kwa kuandika `false` badala ya `true`, na kugonga kutakuwa kwepesi zaidi. Kwako sikushauri. Uzito huo mdogo ndio bei ya kupumzisha gumba, na ni bei ndogo.

Bado kuna kuandika. Kugonga kukiwashwa, kiganja kinachoipitia padi wakati unaandika kinaweza kuhesabiwa, na ghafla maneno yako yanaingia katikati ya sentensi ya juu. Hakikisha `disable-while-typing` ni `true`. Padi itanyamaza muda mfupi baada ya kila herufi, kama milisekunde 200 kwa herufi ya kwanza na 500 ukiwa katikati ya kuandika mfululizo. Vitufe kama Ctrl na Shift haviinyamazishi, kwa hiyo kushika Ctrl huku ukigonga mafaili kadhaa kunaendelea kufanya kazi. Lakini fahamu kwamba ulinzi huu umefungamana na kibodi ya laptopu yenyewe. Ukichomeka kibodi ya nje, usitegemee padi inyamaze kwa ajili yake. Isogeze laptopu mbali na viganja.

Anza na madirisha kwa siku mbili, kisha mafaili yasiyo na thamani kwenye folda mbili za majaribio, ndipo uende kwenye kazi halisi. Na siku faili litakapoangukia folda usiyoijua, usilitafute kwa macho. Rudi kwenye dirisha la mafaili, bonyeza Ctrl na Z kabla hujafanya jambo jingine, na GNOME italirudisha lilikotoka.